Ripoti inasema asilimia 98, mawakala wanasema mashine zimekufa: kutafuta kosa kwenye takwimu za mashine za POS kwa kila eneo

Ripoti ya mwezi ya mashine za mawakala ina safu tatu ambazo wakubwa huziangalia kabla ya nyingine zote: jina la eneo, asilimia ya muda ambao mashine zilikuwa hewani, na idadi ya miamala iliyofeli. Nimeandaa ripoti hiyo kwa miaka kadhaa, kwa mtandao wa mawakala wa benki hapa Tanzania, na mara nyingi ripoti ilipopingana na malalamiko ya wakala, wakala ndiye aliyekuwa sahihi. Mashine ilikuwa na tatizo lake, lakini hesabu yetu ilikuwa inalificha au inalipeleka mahali pengine. Fundi analala njiani siku mbili, anafika anakuta mashine inafanya kazi, anarudi na karatasi iliyosainiwa, na mwezi unaofuata eneo lile lile linakuja tena na alama nyekundu.

Mwongozo huu unaanzia kwenye malalamiko na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo. Ili tuelewane, nitaeleza kwanza mambo mawili yanayotoka kwenye mashine. La kwanza ni salamu: ujumbe mfupi ambao mashine huutuma kwa seva kila baada ya dakika chache kusema ipo, mara nyingi ikiambatanisha kiwango cha chaji na mtandao iliounganishwa nao. La pili ni muamala wenyewe, ambao kwa mashine nyingi husafiri kwa muundo wa ISO 8583. Ombi huondoka kwenye mashine kama ujumbe wa `0200`, swichi ya benki, yaani mtambo unaopokea maombi na kuyaelekeza kwenye akaunti, hujibu kwa `0210`, na ndani ya jibu hilo fildi ya 39 hubeba msimbo wa tarakimu mbili unaosema kilichotokea. `00` maana yake muamala umekubaliwa. Muda wa kuwa hewani unatokana na salamu, kufeli kunatokana na miamala, na vitu hivi viwili visichanganywe hata siku moja.

"Ripoti inasema tupo hewani asilimia 98. Mashine yangu ina wiki tatu haiwaki."

Haya ndiyo malalamiko ya kwanza kwa wingi, na chanzo chake karibu kila mara ni kimoja: asilimia imekokotolewa kutoka kwenye jedwali la salamu peke yake. Mashine iliyokufa haitumi salamu. Isipotuma salamu haina mstari kwenye jedwali. Isipokuwa na mstari, haihesabiwi kwenye kugawanya. Ripoti inabaki na mashine zilizo hai tu, kisha inatutangazia kwamba walio hai wana afya njema.

Chukua kata yenye mashine 10. Mbili zimekufa mwezi mzima, nane zilizobaki zimekuwa hewani asilimia 98 ya muda. Ukihesabu salamu tu, unapata 98. Ukigawanya kwa mashine zote 10 zilizotakiwa kuwepo, unapata 78.4. Tofauti hiyo ni wakala wawili ambao wateja wao wameshahamia kwa jirani.

Njia ya kujua kama ripoti yako ina ugonjwa huu ni rahisi: hesabu mashine zilizomo kwenye ripoti ya kata moja, kisha hesabu mashine zilizomo kwenye rejesta kwa kata hiyo hiyo. Namba zikitofautiana, umelipata kosa. Dawa yake ni kuanzia kwenye matarajio badala ya kuanzia kwenye salamu. Tengeneza jedwali la ratiba, ambamo kila mashine iliyokabidhiwa ina mstari kwa kila robo saa ya muda wa kazi, kisha salamu ziungwe upande wa kulia, zikikosekana nafasi ibaki wazi:

```sql
SELECT t.kata_id,
       COUNT(*)     AS vilivyotarajiwa,
       COUNT(s.tid) AS vyenye_salamu
FROM   ratiba t
LEFT JOIN salamu_robo s
       ON s.tid = t.tid
      AND s.kipindi = t.kipindi
GROUP BY t.kata_id;
```

Jedwali la `salamu_robo` liwe limeshapunguzwa hadi mstari mmoja kwa mashine kwa kila kipindi. La sivyo mashine inayotuma salamu tatu ndani ya robo saa itahesabiwa mara tatu huku robo saa isiyo na salamu ikihesabiwa mara moja, na utajikuta na kata inayoonekana kuwa hewani kuliko ilivyo kweli. Nimewahi kuiona namba ya namna hiyo kwenye slaidi mbele ya watu.

Neno "muda wa kazi" nalo linataka uamuzi wa mtu. Wakala ni mwenye duka. Hufunga Ijumaa mchana akaenda msikitini, hufunga Jumapili asubuhi akaenda kanisani, hufunga akiwa na msiba. Ukidai saa 24 kwa siku, kila eneo litaonekana bovu na namba haitamsaidia mtu. Sisi tulikubaliana na saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, yaani vipindi 48 vya robo saa kwa siku, na siku ya mapumziko iliyoandikwa kwenye mkataba wa wakala huondolewa kwenye ratiba. Si kamili, lakini ni ile ile kwa kila eneo, kwa hiyo Kasulu inaweza kulinganishwa na Kinondoni.

Ukishajua mashine haikuwa hewani, swali linalofuata ni kama ilizimwa au ilikosa mtandao, kwa sababu la kwanza ni la wakala na umeme wake, na la pili ni la kwetu. Jibu limo ndani ya mashine yenyewe. Ikirudi hewani, vuta kumbukumbu zake za ndani za muda ule iliopotea. Ukikuta mistari ya kujaribu kuunganisha na kushindwa, mashine ilikuwa inawaka na mtandao haukuwepo. Ukikuta hakuna mstari wowote, ilikuwa imezimwa, na salamu yake ya mwisho kabla ya kimya itakuambia kama chaji ilikuwa imefika asilimia 3 au ilikuwa 80. Chaji ikiwa 80, mtu aliizima kwa kidole.

"Eneo letu linaongoza kwa miamala iliyofeli, na mtandao uko vizuri kabisa."

Hapa msimamizi wa eneo amekasirika, na ana haki. Fungua miamala yake iliyofeli na uipange kwa msimbo wa fildi ya 39 kabla hujafanya jambo lingine lolote. Mara nyingi utakuta sehemu kubwa ni `51`, salio halitoshi, na `55`, namba ya siri imekosewa. Hizo si hitilafu. Mashine, laini, swichi na benki vyote vimefanya kazi yake na kutoa jibu sahihi. Kinachostahili kuitwa hitilafu ya mfumo ni kama `91`, ambapo benki yenye akaunti au swichi yake haipatikani, `96`, ambapo mfumo umekwama, na `68`, ambapo jibu limechelewa kufika. Ukizijumlisha zote kwenye safu moja, eneo lenye wateja wengi wapya wanaosahau namba zao za siri litaonekana lina mtandao mbovu.

Ila `51` ina jambo ndani yake ambalo wengi hulipita, nami nililipita kwa muda mrefu. Salio la nani halitoshi? Mteja anapotoa fedha, akaunti inayokatwa ni ya mteja. Anapoweka fedha, mteja humpa wakala noti, na akaunti inayokatwa ni ya wakala, yaani floti yake. Kwa hiyo `51` kwenye muamala wa kuweka maana yake wakala ameishiwa floti, na mteja aliyesimama na fedha mkononi amerudishwa. Msimbo ni ule ule, watu ni wawili tofauti, na hatua za kuchukua hazifanani hata kidogo. Utawatenganisha kwa fildi ya 3, tarakimu zake mbili za mwanzo: `01` ni kutoa, `21` ni kuweka.

```sql
SELECT kata_id, LEFT(fildi_3, 2) AS aina, COUNT(*) AS idadi
FROM   miamala
WHERE  fildi_39 = '51'
GROUP BY kata_id, LEFT(fildi_3, 2);
```

Sasa geuza upande wa pili. Wakala akiishiwa noti, floti yake ikiwa imejaa, kitu gani huonekana kwenye mfumo? Hakuna. Anamwambia mteja "hela imeisha, rudi jioni", wala haigusi mashine. Mashine ipo hewani, miamala iliyofeli ni sifuri, eneo linang'aa kijani. Nenda Tandahimba au Newala malipo ya korosho yanapoingia kwenye akaunti za wakulima: wote wanataka kutoa, hakuna wa kuweka, na wakala anamaliza noti kabla ya saa 6 mchana. Dalili pekee ni kwamba miamala ya kutoa inapanda kwa kasi asubuhi kisha inakatika ghafla huku salamu zikiendelea. Mimi huweka maeneo hayo kwenye orodha ya pembeni kila msimu, kwa sababu safu ya kufeli haitayaonyesha kamwe.

"Swichi inasema muamala umefaulu. Wakala anasema umefeli. Mteja amekatwa."

Hapa ndipo fedha za watu zinapokwama, na hapa ripoti nyingi huhesabu vibaya zaidi, kwa sababu zinauliza upande mmoja tu.

Fuata safari ya ombi. Kuna sehemu tatu linapoweza kukwama. Kwanza, mashine inashindwa kabisa kuunganisha. Inaandika kwenye skrini kwamba hakuna mtandao na inaishia hapo, na swichi haijui kama kuna mtu alijaribu. Pili, mashine imeunganisha na kutuma `0200`, lakini ujumbe umepotea njiani. Tatu, `0200` imefika, swichi imekata akaunti na kujibu `00`, lakini jibu limepotea wakati wa kurudi.

Katika hali ya pili na ya tatu mashine inaona jambo moja: imesubiri, labda sekunde 60, na jibu halijaja. Haijui kama fedha zimekatwa, kwa hiyo inaandaa ujumbe wa kubatilisha, `0420`, na kuuhifadhi hadi mtandao urudi, kisha inautuma. Huo ujumbe ndio shahidi wako. Ukifika kwenye swichi na kukuta muamala wa asili upo na ulikubaliwa, basi jibu ndilo lililopotea: hali ya tatu. Ukifika na swichi haioni muamala wowote wa kubatilisha, na pengine inajibu `25`, kumbukumbu haikupatikana, basi ombi ndilo lililopotea: hali ya pili. Kwa hiyo hata usipopata kumbukumbu za ndani za mashine, unaweza kuzitenganisha hali hizi mbili ukiwa mezani kwako. Hali ya kwanza peke yake ndiyo inayohitaji kumbukumbu za mashine, na ndiyo maana eneo lenye mtandao mbaya kupindukia linaweza kuonekana na miamala michache iliyofeli: maombi hayafiki hata kukataliwa.

Kwa kuoanisha `0420` na muamala wake, tumia namba ya mashine ya fildi ya 41, namba ya mfuatano ya fildi ya 11 na tarehe kwa pamoja. Fildi ya 11 ina tarakimu sita tu na huanza upya, kwa hiyo ukiitumia peke yake utaoanisha muamala wa Bukoba na wa Lindi. Na ujue kwamba kubatilisha hakutokani na mtandao peke yake; zipo mashine zinazobatilisha muamala karatasi ya risiti ikikwama. Sababu hiyo huandikwa kwenye kumbukumbu za mashine, iangalie kabla ya kuilaumu kampuni ya simu.

Jambo moja dogo kabla ya kuendelea. Mteja mmoja akitaka kutoa 50,000 na ikafeli, wakala hurudia. Hurudia tena na tena, mpaka inakubali. Kwenye swichi una miamala mitatu iliyofeli na mmoja uliofaulu, kwa mteja mmoja aliyeondoka na fedha yake. Ripoti ya kiufundi iseme majaribio manne. Ripoti ya huduma iseme mteja mmoja aliyehudumiwa baada ya usumbufu. Kadi ile ile, mashine ile ile, kiasi kile kile ndani ya dakika 10: huyo ni mteja mmoja.

"Hilo eneo si letu."

Ulichohesabu chote hapo juu kinaweza kuwa sahihi na bado kikaandikwa jina la kata nyingine. Jina la eneo huchukuliwa mara nyingi kutoka fildi ya 43, ambayo ina herufi 40 za jina na mahali pa wakala. Tatizo ni kwamba huwekwa mashine inapopakiwa programu, na hupakiwa ofisini. Nimekuta mashine zilizokuwa Sumbawanga zinajitambulisha kuwa Dar es Salaam kwa sababu hapo ndipo zilipofunguliwa boksi.

Usipange kwa jina la kata. Kata ya Majengo ipo Dodoma, ipo Moshi, ipo Songea, na kwingine pia. Ukipanga kwa jina utapata Majengo moja kubwa isiyokuwepo nchini. Tumia namba ya kata, au postikodi ya tarakimu tano, ambayo inashuka hadi kwenye kata. Mipaka nayo hubadilika. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na rejesta ambazo hazikusafishwa bado zina mashine za Tunduma, Mbozi na Ileje chini ya Mbeya, kwa hiyo mikoa yote miwili inasomeka vibaya.

Mashine nazo huhama. Wakala anafunga duka tarehe 14, mashine inapewa wakala wa kata nyingine, mtu anabadilisha kata kwenye rejesta, na ghafla hitilafu za nusu ya kwanza ya mwezi zinahamia kwa watu ambao hawakuwa nayo. Rejesta iwe na tarehe ya kuanzia na tarehe ya kuishia kwa kila mahali, na kila salamu na kila muamala usomwe kwa mahali pa siku ile.

Kisa cha Tunduma

Kisa hiki kilinichukua muda mrefu kuliko vingine vyote, na kimebeba karibu kila kosa nililolitaja. Tunduma ni mji wa mpakani. Ukivuka upo Nakonde, Zambia. Mashine zilizo karibu na mpaka zilikuwa zinaonyesha, siku baada ya siku, tundu la saa moja: kuanzia saa 1 hadi saa 2 usiku hakuna salamu. Mashine za Mpemba, ambako ni ndani zaidi kwenye barabara kuu, hazikuwa na tundu hilo. Maelezo yaliyotolewa ofisini yalikuwa kwamba mawakala wa mpakani wanafunga mapema. Yalisikika vizuri na yakaandikwa kwenye ripoti.

Nikampigia wakala mmoja.

"Dada, habari za kazi. Unafunga saa ngapi siku hizi?"

"Nzuri, kaka. Saa 2 kamili, kama mlivyotuambia. Jioni hakuna shida. Shida ni asubuhi, nikiiwasha haishiki mtandao mpaka nusu saa ipite, wateja wamepanga foleni."

Jioni hakuna shida, na ripoti ilikuwa inasema jioni. Asubuhi kuna shida, na ripoti ilikuwa inasema asubuhi pako sawa. Mtu aliyepo dukani na jedwali langu walikuwa wanapishana kwa saa kadhaa, na nilitaka kujua kwa nini.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuchukua mashine yake moja na kuweka pamoja saa mbili: saa iliyoandikwa na mashine yenyewe, na saa ambayo seva ilipokea salamu ile ile. Kwa Mpemba tofauti ilikuwa sekunde chache. Kwa mashine ya mpakani ilikuwa dakika 60, kila siku, na mashine ndiyo iliyokuwa nyuma. Kwenye miamala ni hivyo hivyo: fildi ya 12, saa ya mahali, ilikuwa saa nzima nyuma ya saa ya swichi. Tofauti inayoyumba ingemaanisha ucheleweshaji wa mtandao. Tofauti ya dakika 60 isiyobadilika ni saa ya nchi nyingine. Tanzania ipo saa 3 mbele ya GMT, Zambia ipo saa 2.

Hatua ya pili, kumbukumbu za mashine za dakika za kwanza baada ya kuwashwa. Kila mtandao wa simu hujitambulisha kwa namba inayoanza na msimbo wa nchi wa tarakimu tatu, na wa Tanzania ni `640`. Mistari ya asubuhi ilianza na `645`, msimbo wa Zambia, na baada ya muda ikabadilika kuwa `640`.

Basi picha ikakamilika. Wakala anawasha mashine saa 2 asubuhi. Laini inakamata mnara wenye nguvu zaidi, ambao upo Nakonde. Mnara unaikubali laini na kuipa saa ya Zambia, ila laini zetu hazikuwa na ruhusa ya data nje ya nchi, kwa hiyo mashine inaonyesha mistari ya mtandao imejaa na haifanyi muamala hata mmoja. Baada ya kama nusu saa inarudi yenyewe kwenye mtandao wa Tanzania na kazi inaanza. Saa haikurudi nayo, kwa sababu toleo lile la programu lilikuwa linachukua saa mara moja tu, mashine inapowashwa.

Tazama kilichotokea kwenye hesabu ya siku moja. Kweli yenyewe: mashine ilikuwa hewani kuanzia 08:30 hadi 20:00, vipindi 46 kati ya 48, asilimia 95.8. Mashine iliandika 07:30 hadi 19:00. Ripoti ikatupa salamu za kabla ya 08:00 kwa kuwa zipo nje ya ratiba, ikabaki na 08:00 hadi 19:00, vipindi 44, asilimia 91.7, na tundu likahamia jioni. Kwa hiyo ripoti ilikosea kiasi, ikakosea saa, na ikamtwika wakala lawama ya kufunga mapema wakati alikuwa amekaa dukani asubuhi akiomba mtandao uje. Miamala ya nusu saa ile haikuonekana popote kwenye swichi. Ni ile hali ya kwanza: mashine haikuunganisha, kwa hiyo hapakuwa na `0200` wala `0420`.

Marekebisho yalikuwa ya aina mbili, na yasichanganywe. Kwenye mashine, tulifunga uchaguzi wa mtandao ili isiguse chochote kisichoanza na `640`, na saa ikaanza kuchukuliwa kutoka kwenye seva yetu kila inapounganisha. Kwa maduka mawili yaliyo karibu kabisa na mpaka hilo halikutosha, kwa sababu mnara wa nyumbani wa kampuni ile ulikuwa dhaifu hapo. Mashine za hapo zilibadilishiwa laini ya kampuni nyingine ya Tanzania yenye mnara ulio karibu zaidi.

Kwenye ripoti, salamu zote sasa husomwa kwa saa ya seva ilipozipokea. Zile zilizohifadhiwa na kutumwa kwa kuchelewa ndizo pekee zinazosomwa kwa saa ya mashine, baada ya kusahihishwa kwa tofauti iliyopimwa siku hiyo. Nikaongeza na kipimo kimoja kinachokimbia kila usiku: mashine yoyote ambayo saa yake inapishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5 inatoka kwenye jedwali la eneo na kwenda kwenye orodha ya kuangaliwa.

Orodha hiyo ilipokimbia mara ya kwanza ilitoa mashine za Tunduma nilizozitegemea, pamoja na nyingine chache za Kasesya, mpakani kule Rukwa, ambazo hakuna aliyewahi kuzilalamikia. Nilianza kwa kuwapigia simu mawakala wake.